Nilikwenda Kumuuliza Mke Wake

Karani wa ofisi ya vitambulisho aliniuliza jina ninalotaka liandikwe, nami nikazitazama karatasi zangu. Alikuwa kijana mpole, miwani imemteremka puani, na mbele yake nilikuwa nimeweka kila kitu alichohitaji: kitambulisho cha zamani, cheti cha kuzaliwa, na ile amri ya mwisho ya mahakama yenye muhuri, inayosema kwamba ndoa yangu imevunjwa. Jina la mume lilikuwa limekaa mwishoni mwa majina yangu kwa miaka kumi na mmoja. Kulitoa ilikuwa kazi ya kujaza fomu moja, kupiga picha na kuweka alama za vidole.

"Tunarudisha la baba, ama?" aliuliza.

Nikasema ndiyo, turudishe la baba. Lakini nilipotoka nje nilikuwa bado nalifikiria swali lake, kwa sababu katika miezi yote ya talaka watu walikuwa wameniuliza kwa nini, na lini, na utaishi vipi. Huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniuliza ninataka niitwe nani.

Mimi ni fundi wa maabara katika shule moja ya wasichana hapa Kakamega. Naandaa kemikali, naosha chupa, nahesabu vikopo vya kupimia ili wanafunzi wasiende navyo bwenini. Wiki hiyo, kabla wanafunzi hawajaingia, nilikuwa nikikaa kwenye kiti kirefu na kujizoeza sahihi mpya nyuma ya daftari kuukuu. Sahihi yangu ya zamani ilikuwa na mkia mrefu uliotokana na jina lake. Mkono uliendelea kuuchora mkia huo wenyewe, nami nikawa nautazama kama unavyomtazama mtoto anayerudia kosa lile lile bila kujua.

Ndoa yetu haikuvunjika kwa kelele. Mume wangu alikuwa karani katika kiwanda cha sukari, upande wa Mumias, akawa analala huko siku za kazi. Baadaye siku za kazi zikawa wiki nzima, kisha nikasikia kwamba kuna nyumba, kuna mwanamke, kuna mtoto anayetambaa. Nilipomuuliza alisema, "Si wewe uko na nyumba yako?" Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza mpangilio wa viti. Nilikaa na jibu hilo mwaka mzima. Halafu nikamtafuta wakili, mama mmoja mwenye ofisi juu ya duka la vifaa vya ujenzi, tukapeleka ombi la talaka mahakamani.

Nilidhani mahakama ni mahali pa kupigiwa kelele. Kumbe ni mahali pa kungoja. Mume wangu alipelekewa karatasi, hakujibu, siku zake za kujibu zikapita, kesi ikasikizwa bila yeye. Nilisimama, nikaapa, nikaeleza kwa dakika chache kwamba mume wangu ana familia nyingine na hakuna cha kurekebisha. Hakimu aliandika muda wote bila kuinua kichwa. Ikatolewa kwanza amri ya muda, na baada ya siku thelathini, kwa kuwa hakuna aliyepinga, ikatolewa ile ya mwisho. Kuhusu binti yetu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka tisa, tuliandikiana makubaliano: anaishi nami, likizo nusu anakwenda kwa baba yake, karo tunagawana. Hapo tulikaa mimi na baba yake katika ofisi ya wakili, bega kwa bega, tukapitishiana kalamu. Aliniambia asante. Mpaka leo sijui alikuwa ananishukuru kwa kalamu au kwa nini.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba mahakama ndiyo sehemu rahisi.

Kanisani nilikuwa katika kundi la akina mama wanaowafunda maharusi. Kazi yangu ilikuwa kuwaeleza wasichana mambo ya afya, kwa sababu watu waliamini kwamba mtu wa maabara anajua miili. Wiki mbili baada ya habari zangu kuenea, mwenyekiti wa kundi alinifuata nje, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Dada, tumeona upumzike kidogo," alisema.

"Nimechoka?"

"Sio kuchoka. Ni hawa wasichana. Wazazi wao wanauliza maswali."

"Wanauliza kama nitawaambukiza?"

Alitazama chini, nikajuta kumuuliza hivyo, kwa maana alikuwa mtu mwema aliyetumwa. Lakini niliondoka nikiwa na hamu ya kujua kweli. Ni nini hasa walichodhani kitatoka kwangu kiwaingie wale wasichana? Mimi nilikuwa sasa na habari nyingi za ndoa kuliko mtu yeyote katika lile kundi. Nilizijua hadi mwisho wake.

Nilipotafuta nyumba ya kupanga, mwenye nyumba wa kwanza aliniuliza, "Na mzee ataleta vitu lini?" Nilipomwambia hakuna mzee, alikumbuka ghafla kwamba nyumba ilishachukuliwa. Wa pili alinikubalia kwa sharti kwamba wageni wa kiume wasionekane. Wa tatu alikuwa mjane, akanipa funguo hapo hapo, akanionya tu kuhusu bomba linalovuja. Kwa marafiki zangu walioolewa niliendelea kualikwa, ila saa zilibadilika. Nilikuwa naalikwa mchana, waume wakiwa kazini. Na pale shuleni mwalimu mmoja mwenye mke na watoto wanne alianza kunipa lifti bila kuombwa, akisema usiku wa peke yako lazima ni mrefu. Nilimwambia nalala mapema.

Mama yangu anaishi Malinya, kwenye shamba dogo la marehemu baba. Nilipokwenda kumwambia, aliendelea kuchambua mboga za mrenda, jani moja moja, kwa muda mrefu. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Sasa ukikufa tutakuzika wapi?"

Sikucheka, kwa sababu najua kwetu hilo si swali la mzaha. Mwanamke huzikwa kwa mume. Binti aliyerudi ni tatizo ambalo watu wa ukoo hulijadili akiwa tayari yuko kwenye jeneza, wengine wakitaka apelekwe kwa mume aliyemuacha, wengine wakisema awekwe pembeni karibu na ua. Mama alikuwa ameona hayo yakimtokea dada yake.

"Mama, nina miaka thelathini na minane."

"Najua. Nilikuzaa. Ndiyo nauliza mapema."

Kaka yangu alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Jioni alinisindikiza hadi barabarani na kuniambia kwamba shamba ni la baba yetu sote, sheria inajua hivyo na yeye pia anajua hivyo, na mtu asinitishe. Mke wake hakunisalimia vizuri siku ile, na nilimwelewa. Ardhi yenyewe ni ndogo.

Nilianza pia kusikiliza maneno. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mwanamume huacha, mwanamke huachwa. Watu waliniambia pole kwa kuachwa, nami ndiye niliyelipeleka ombi mahakamani. Siku moja jirani aliniambia tena, "Pole, nasikia uliachwa," nikamjibu, "Hapana, niliacha." Alinitazama kana kwamba nimekosea sarufi. Binti yangu, aliyekuwa anafanya kazi ya shule mezani, aliuliza kama inawezekana kusema hivyo. Nikamwambia nadhani inawezekana. Akaliandika neno hilo kwenye ukingo wa daftari lake, labda kwa ajili ya mwalimu wa Kiswahili.

Jioni zile mimi na binti yangu tulikuwa watafiti wa vitu vidogo. Niligundua napenda vitunguu vingi. Baba yake hakuvitaka, na kwa miaka kumi na mmoja nilipika bila. Niligundua kwamba sipendi taarifa ya habari, kwamba naweza kubadilisha mtungi wa gesi, kwamba nikiwa peke yangu nalala katikati ya kitanda kama mtu aliyeangushwa. Niliogopa pia. Kulikuwa na Jumapili ambazo sikuweza kuvaa viatu niende kanisani. Lakini hata siku hizo kulikuwa na kitu fulani ndani yangu kilichokuwa kinauliza: kesho itakuwaje? Kilikuwa kinauliza kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua.

Mwaka wa pili, shule ilinituma niwasindikize wasichana wa chama cha mazingira kwenda Buyangu, kwenye hifadhi ya msitu. Aliyetuongoza alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mwenye buti zilizoshonwa upya na darubini kuukuu shingoni. Alikuwa akisimama ghafla, anainua kidole, na kutaja ndege tusiyemwona kwa sauti yake tu. Nikamuuliza anawezaje kutofautisha ndege wawili wanaolia karibu sawa. Nikamuuliza vipi kama ndege mmoja anamwigiza mwingine. Nikamuuliza kuhusu kuvu nyekundu kwenye gogo.

"Madam," alisema, "wewe unauliza kuliko wanafunzi wako."

"Inakusumbua?"

"Hapana. Watu huulizanga tu nyani wako wapi."

Alinipa namba yake ili nimtumie picha za kuvu. Nilimtumia. Alinijibu majina. Kwa mwezi mzima hatukuandikiana jambo lingine ila mimea na ndege, na bado nilikuwa naiweka simu mezani ikiwa imeangalia juu.

Alipopendekeza tukutane mjini tule chakula, nilikaa na ujumbe huo siku mbili. Sikujua mtu huvaa nini. Mara ya mwisho nilipokwenda kukutana na mwanamume nilikuwa na miaka ishirini na tano. Sikujua pia tukae wapi, kwani Kakamega ni mji ambao huwezi kununua nyanya bila kuulizwa salamu za mama yako. Nikamwandikia kwamba najua mahali palipojificha, nje kidogo ya mji. Akajibu: "Kwani tumeiba?" Tukakutana mchana kweupe, katika hoteli iliyo karibu na soko, meza ya mbele. Tulikula ingokho na obusuma, kuku na ugali kama wa nyumbani. Yule mwenyekiti wa kundi la kanisani alipita nje na mfuko wa viazi, akaniona, akapunguza mwendo. Nilimpungia mkono. Naye, baada ya kusita, akapunga.

Miezi mitatu ilipita hivyo. Nilimwambia mapema kwamba mwanangu hatamjua mpaka nijue ninachofanya, na kwamba hakuna atakayelala kwangu. Nilimwambia pia kwamba kabla ya lolote kuwa karibu zaidi tutakwenda pamoja kupimwa virusi vya UKIMWI. Haya yote nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi, nikayasoma kama orodha ya masharti ya maabara. Alisikiliza hadi mwisho. Juma lililofuata tulikaa kwenye benchi la kituo cha ushauri na upimaji, kila mmoja na pamba kidoleni. Mshauri aliuliza kama tunataka kupewa majibu pamoja. Tulitazamana, tukasema pamoja. Sote tulikuwa salama. Nilipotoka nilikuwa na furaha iliyochanganyika na mshangao, kwa sababu na mume wangu, katika miaka yote ile, sikuwahi kuthubutu kumwomba tufanye hivyo.

Ndipo nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kuanza nalo.

Alikuwa ameniambia tangu mwanzo kwamba yeye na mkewe waliachana miaka minne iliyopita, na kwamba mke na wavulana wao wawili wanaishi Mautuma, kwenye shamba lake yeye mwanamume.

"Mliachana kwa karatasi?" nikauliza.

"Karatasi ya nini?"

"Ya mahakama. Si mlifunga ndoa kanisani?"

"Tulifunga. Lakini tuliachana tu. Mimi nikatoka nikaja kupanga huku karibu na kazi, yeye akabaki."

"Kwa hivyo ana mume."

"Hana. Tumeachana."

"Kwa sheria ana mume," nilisema, "na huyo mume amekaa hapa na mimi."

Alisema mambo mengi ya kweli: kwamba hawajagusana miaka minne, kwamba anatuma karo na mbolea, kwamba kila mtu kule anajua. Nilimsikiliza huku moyo ukiniambia jambo moja. Kule Mumias kulikuwa na mwanamke ambaye bila shaka aliambiwa maneno kama haya kunihusu mimi. Kwamba tuliachana. Kwamba kila mtu anajua. Na mimi sikujua. Nilikuwa nimemchukia mwanamke huyo kwa muda mrefu, na sasa kwa mara ya kwanza nilitamani kumuuliza: wewe uliambiwa nini, na kwa nini hukuja kuniuliza?

"Nipe namba ya mke wako," nikamwambia.

"Ya nini?"

"Nataka kumuuliza kama mliachana."

Uso wake ulijifunga. Alikaa kimya mpaka nikadhani atanyanyuka aende. Halafu akatoa simu na kunisomea namba, tarakimu moja moja, bila kunitazama.

Sikupiga siku hiyo wala iliyofuata. Nilipopiga nilijitambulisha kwa kazi yangu na mji wangu, nikasema kwamba nimefahamiana na baba ya watoto wake na ningependa kuongea naye ana kwa ana ikiwa atakubali. Kulikuwa na kelele za mashine ya kusaga nyuma yake.

"Kuja Jumamosi," alisema. "Lakini nitakuwa napukuchua mahindi."

Nilimkuta kwenye baraza ya nyumba ya mabati, mwanamke mrefu, mwembamba, kanga imefungwa kiunoni juu ya sketi ya shule ya zamani. Wavulana walikuwa wamekwenda kwa mjomba wao. Alinisogezea kigoda na beseni la mahindi bila kusema karibu, nikaelewa kwamba niketi na nifanye kazi. Tulipukuchua kwa muda, gunzi baada ya gunzi. Vidole vyangu vilianza kuuma na nadhani alifurahia.

"Umekuja kunitoa hapa?" aliuliza hatimaye.

"Hapana."

"Basi umekuja kuangalia niko aje."

"Kwa hilo nimekuja," nikasema, kwa sababu ilikuwa kweli. "Lakini pia nimekuja kukuuliza. Yeye anasema mliachana. Nataka kusikia kwako."

Aliacha kupukuchua. "Miaka minne, wewe ndiye wa kwanza kuniuliza. Pasta aliniambia nivumilie. Mama yangu aliniambia ng'ombe za watu za mahari zilishaliwa. Mama yake yeye aliniambia wanaume hurudinga. Hakuna aliyeuliza kama nataka arudi."

"Unataka?"

"Sitaki." Alilisema polepole, kama anayeonja. "Lakini nikisema sitaki, wataniambia niende. Na nikienda, hili shamba nimelima mimi, hii nyumba nimeisimamisha mimi. Vijana wangu wataenda wapi? Kwa hivyo nimekaa. Mimi si mke, na si mtalaka. Kwenye mikutano ya akina mama sijui nikae upande gani."

Nilimwambia ninachokijua, nikimweleza wazi kwamba mimi si wakili. Kwamba anaweza kupeleka ombi la talaka yeye mwenyewe, si lazima amngoje mume. Kwamba mali iliyopatikana ndani ya ndoa haihesabiwi kwa jina lililo kwenye hati peke yake. Kulima, kulea, kujenga, vyote hutazamwa. Kwamba shamba lililokuwa la ukoo tangu awali lina mambo yake, na hilo lazima aulize mtu anayejua. Alinikatiza mara kwa mara. Inachukua muda gani? Lazima nimtukane mahakamani? Watoto wataitwa? Nilimjibu nilichoweza, na nisichokijua nikaandika.

Chai ilipoiva alinimiminia kikombe kikubwa kuliko chake.

"Na wewe," alisema, "hujaniuliza yeye ni mtu wa aina gani."

"Niliona haya."

"Uliza. Umetoka mbali."

Nikauliza. Alifikiria kwa haki, naweza kusema, kama mtu anayepima sukari. Alisema hapigi, halewi, anapenda watoto. "Lakini akikasirika hunyamaza. Si siku moja. Wiki tatu anaweza kukaa ndani ya nyumba na wewe kama umekufa. Mimi huongea. Nilikuwa naongea na sufuria. Mwisho nilimwambia, kama unataka kunyamaza, nenda unyamazie huko. Akaenda." Alicheka kidogo. "Hakukuambia hivyo."

"Aliniambia mliachana tu."

"Hiyo ndiyo kunyamaza kwenyewe."

Tuliporudi kwenye mahindi, tulizungumza juu ya wavulana wake na juu ya binti yangu, na jinsi watoto wanavyosikia yote hata usipowaambia. Aliniuliza kama kweli nililiondoa jina kwenye kitambulisho. Nilimwonyesha. Alikishika kwenye mwanga na kukisoma mara mbili.

Nilimweleza yule mwanamume kila kitu tulichozungumza ambacho mkewe aliniruhusu nimwambie. Nilimwambia kwamba mimi simtaki mtu ambaye ana mke, hata mke asiyemtaka, na kwamba hatutakutana tena mpaka jambo hilo liishe, kwa namna yoyote litakavyoisha. Kisha nikamuuliza kuhusu kunyamaza.

Aliinuka, akaaga kwa adabu, akaenda. Siku ya kwanza simu yangu ilikaa kimya, na ya pili pia. Nilijiambia kwamba nimepata jibu na kwamba jibu ni kitu kizuri hata likiwa chungu. Nilikuwa nasafisha mirija siku ya tatu aliponipigia.

"Nimenyamaza siku mbili," alisema. "Nilitaka kuendelea. Nimeona nikupigie nikiwa bado nimekasirika."

"Umekasirika kwa nini?"

"Kwa sababu aliyoyasema ni kweli. Baba yangu alikuwa hivyo. Tulikuwa tunatembea kwa vidole nyumbani. Nilijua, na bado nikafanya."

Hakuahidi kubadilika, na nilifurahi kwamba hakuahidi. Alisema tu kwamba atajaribu kupiga simu akiwa na hasira. Hilo nililiona ni jaribio linaloweza kupimwa.

Miezi iliyofuata haikuwa yangu, kwa hiyo nitaieleza kwa ufupi. Mkewe alimpata wakili kupitia ofisi inayowasaidia watu bure, akalipeleka ombi yeye mwenyewe. Kabla ya kesi walikaa pamoja na wazee wa pande zote mbili, na mama mkwe alilia, na mjomba mmoja alisema kwamba ni mwanamke wa Kakamega aliyemfundisha mke wa watu kushtaki. Habari hiyo ilifika mpaka kwenye soko letu. Mwanamke mmoja aliyeniuzia ndizi miaka mingi aliniambia nimevunja nyumba ya mtu. Niliumia, sitadanganya. Nililipa ndizi zangu, nikaondoka. Kwa nje, kwa kweli, ilionekana hivyo hasa.

Walikubaliana kwa maandishi kwamba sehemu yenye nyumba itakatwa na kuandikwa jina la mke. Mpima ardhi alikuja, bodi ya ardhi ikaidhinisha, hati ikachukua muda wake. Mahakama ikatoa amri ya muda, kisha ile ya mwisho. Siku mkewe alipoipata alinitumia picha ya muhuri tu, bila maneno.

Yule mwanamume alikuja kwangu Jumapili iliyofuata, saa sita mchana, kwa mlango wa mbele. Mwenye nyumba wangu alikuwa anaanika nguo. Alimtazama kutoka kichwani hadi kwenye buti, akamuuliza kama anajua kutengeneza bomba. Alijua. Binti yangu, ambaye sasa ana miaka kumi na miwili, alimshikia tochi chini ya sinki na kumhoji.

"Utamwoa mama?"

"Hatujaongea hilo."

"Kwa nini?"

"Mama yako bado anauliza maswali mengine."

Na ni kweli. Watu wa kanisani wanataka kujua tarehe. Mama yangu anataka kujua ukoo wa mwanamume huyu na kama mama yake bado yuko hai. Mimi mwenyewe sijui kama nataka kuishi tena na mtu katika nyumba moja. Sijui kama kupenda kulala katikati ya kitanda ni kidonda au ni tabia yangu halisi niliyochelewa kuijua. Nimemwambia hivyo. Amesema atakaa kwake Buyangu, nami kwangu, tuone. Mara mbili tangu hapo amenipigia akiwa amekasirika, na mara moja amekaa kimya siku tano, nami nikamwendea nikamwambia siku zimekuwa tano. Bado tunaona.

Juzi nilikuwa naosha vyombo simu ikalia. Alikuwa yule mwanamke wa Mautuma. Aliniambia mvua imechelewa, kwamba mvulana mkubwa amefaulu hisabati, kwamba akina mama wamemchagua yeye awe mweka hazina wa kikundi na hakuna aliyeuliza akae upande gani. Kisha akashusha sauti.

"Kuna mtu," alisema. "Ana kinu cha kusaga huku. Mke wake alifariki. Ananiambia tuende tukunywe soda."

"Na wewe unataka?"

"Nataka kujua kama nataka. Sasa wewe, dada, ulianza kwa kuuliza nini?"

Nikamwambia asifuate nilivyoanza mimi, kwa maana mimi nilianza na kuvu. Alicheka sana. Nikakausha mikono, nikavuta kiti, nikatafuta kalamu, na tukaanza kuandika, yeye kule na mimi huku, maswali ambayo mtu anaweza kuuliza wakati wa kunywa soda bila kumtia mwenzake hofu.